Pilipili Tatu, Jina Moja la Ukoo

Kampuni ya viungo ya Everest ya India huuza pilipili nyekundu za kusaga za aina mbalimbali. Tikhalal ni kali. Kashmirilal haiwashi sana, kazi yake kubwa ni kuupa mchuzi rangi. Kutilal ni ya kupondwa, bado ina chembechembe. Kwa Kihindi "lal" ni nyekundu, na mwisho huo mmoja unatosha kumwambia mnunuzi kwamba pakiti hizo ni ndugu. Mwanzo wa kila jina ndio unaowatofautisha, tena kwa jambo ambalo mpishi anataka kulijua kabla ya kufungua mkoba.

Wajasiriamali wengi hukwama hapo kwenye jina la pili. Tuseme mama mmoja wa Tanga anasaga viungo na kuviita Kinu. Anaanza na Kinu Pilau, kisha Kinu Chai. Mchanganyiko wa tatu, wa nyama choma, anauita Kinu Kali, na wa samaki anauita Kinu Pwani. Kila jina peke yake ni zuri. Yakipangwa rafuni, mawili yanataja chakula, moja linataja ukali, jingine mahali. Mteja anayeshika Kinu Kali hajui akitie kwenye pilau au kwenye mishikaki.

Dawa ni kuchagua kipimo kimoja na kukishika: Kinu Pilau, Kinu Chai, Kinu Choma, Kinu Samaki. Ukali usogezwe nafasi ya tatu, iwe Kinu Choma Kali, ili siku ya kutoa Kinu Samaki Kali asihitaji kubuni upya. Kiunganishi kiachwe nje ya lebo, maana "Kinu cha Pilau" ni chombo cha kutwangia. Dukani watu watasema "nipe Kinu ya pilau" na hakuna haja ya kuwasahihisha.

Majina yajaribiwe kwa sauti, si kwa macho tu. Mtu ampigie muuza duka simu aagize pakiti zote, kisha atazame kilicholetwa. Choma na Chai zikibadilishana mara kwa mara, rangi za pakiti zitenganishwe zaidi au jina moja libadilishwe.

Akiongeza krispi za ndizi, mfumo unabadilika: krispi hazipikiwi chochote, basi jina la pili litaje ladha, kama Kinu Ndimu au Kinu Pilipili. Na kuna mtego wa kisheria. Katika mpangilio wa kimataifa wa alama za biashara, viungo viko daraja la 30, krispi za ndizi daraja la 29. Aliyesajili Kinu BRELA kwa daraja la 30 pekee hajalilinda jina hilo kwa krispi. Zanzibar nayo ina usajili wake, mbali na ule wa Bara. Neno "pilau" lenyewe halimilikiwi na mtu. Kinachosajiliwa ni Kinu.