Mahali pa Kuegesha Darubini: Nukta za Lagrange

Tuanze na swali ambalo huwaangusha watahiniwa wengi. Darubini ya anga ya James Webb iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 imewekwa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande ulio kinyume na Jua. Mahali hapo panaitwa L2. Je, ni kwa nini darubini haiangukii kwenye Jua wala haiiachi Dunia?

Jibu linaloandikwa mara nyingi ni hili: "Kwa sababu hapo mvutano wa Jua na mvutano wa Dunia vinafutana." Linapendeza kusoma, lakini si sahihi. Chora mstari mnyoofu: Jua, kisha Dunia, kisha L2. Ukiwa L2 Jua liko upande mmoja nawe na Dunia iko upande huohuo. Vyote viwili vinakuvuta kuelekea upande mmoja. Nguvu mbili zinazovuta upande mmoja hujumlishwa, hazifutani.

Kuna mahali ambapo mvutano wa Jua na wa Dunia vinafutana kwelikweli. Hapo ni katikati ya Dunia na Jua, kilomita 259,000 hivi kutoka duniani. Lakini angalia jambo la ajabu: Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, yaani mbali kuliko hapo, ambako Jua linauvuta Mwezi kwa nguvu zaidi kuliko Dunia inavyouvuta. Mbona Mwezi haujatoroka? Na tukiweka chombo pale kilomita 259,000, kitatulia? Hakitatulia. Kumbuka sheria ya kwanza ya Newton: kitu kisicho na nguvu yoyote juu yake husonga katika mstari mnyoofu. Dunia haisongi katika mstari mnyoofu, inapinda kulizunguka Jua. Basi chombo kitanyooka na Dunia itakata kona, wataachana. Kinachotakiwa ili kwenda sambamba na Dunia si nguvu sifuri, bali ni nguvu ya kiasi kinachofaa, ya kukipindisha chombo kama Dunia inavyopindishwa.

Hapo ndipo mada ya mwendo wa duara inapoingia. Kitu kinachozunguka duara kinahitaji mchapuko unaoelekea kitovu. Ikiwa vitu viwili vinamaliza duara kwa muda uleule, kilicho mbali zaidi na kitovu kinahitaji mchapuko mkubwa zaidi, kwa sababu kina njia ndefu ya kupinda. Fikiria wanafunzi walioshikana mikono katika mstari mmoja na kuzunguka kwa pamoja: aliye mwisho wa mstari ndiye anayekimbia hasa, na ndiye anayevutwa mkono kwa nguvu.

Sasa tupige hesabu. Mvutano wa Jua unaipa Dunia mchapuko wa milimita 5.93 kwa sekunde ya mraba. Ni mdogo mno ukilinganisha na mita 9.8 uliyozoea, lakini unatosha kuizungusha Dunia mara moja kwa mwaka.

L2 iko mbali na Jua kwa asilimia moja zaidi kuliko Dunia, yaani mara 1.01. Kwa kuwa mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, Jua hapo linatoa 5.93 ÷ (1.01)², ambayo ni 5.81. Je, chombo kinahitaji ngapi ili kizunguke kwa mwaka mmoja pamoja na Dunia? Kinahitaji 5.93 × 1.01, yaani 5.99. Pengo ni 0.18. Kama Dunia isingekuwapo, chombo kingebaki nyuma, na mzunguko wake mmoja ungechukua siku zipatazo 371 badala ya 365.

Nani anaziba pengo hilo? Dunia. Katika umbali wa kilomita milioni 1.5, mvutano wa Dunia unatoa mchapuko wa milimita 0.18 kwa sekunde ya mraba. 5.81 + 0.18 = 5.99. Hesabu imefunga. Dunia inaliongezea Jua nguvu kidogo ili chombo kilicho mbali kizunguke haraka kuliko ambavyo kingezunguka chenyewe.

Upande wa pili, kati ya Dunia na Jua, kuna L1. Hapo mambo yanageuka. Chombo kiko karibu na Jua, kwa hiyo kinataka kukimbia kuliko Dunia. Jua linatoa 5.93 ÷ (0.99)² = 6.05, lakini kinachohitajika ni 5.93 × 0.99 = 5.87 tu. Dunia, ambayo sasa iko nyuma yake, inakivuta kinyume kwa 0.18 na kukipunguza mwendo. Basi hata L1, ambapo nguvu zinavuta pande tofauti, hazifutani, zinabaki 5.87, na hizo ndizo zinazohitajika. Katika jibu lako usiandike "zinafutana". Andika: "jumla ya nguvu za mvutano hapo ni sawa na nguvu ya kuelekea kitovu inayohitajika ili kuzunguka Jua kwa muda sawa na wa Dunia."

Nukta za namna hii ni tano. Tatu zilizo kwenye mstari mmoja zilipatikana na Euler, na mbili zilizobaki, L4 na L5, zilionyeshwa na Joseph-Louis Lagrange mwaka 1772. L4 na L5 ziko nyuzi 60 mbele na nyuma ya sayari katika obiti yake. Kwenye nukta hizo za Mshtarii kuna maelfu ya asteroidi, na ya kwanza ilionwa mwaka 1906. L3 iko nyuma ya Jua, na hatuna kazi nayo hapa.

Umbali wa L2 unaweza kuukadiria mwenyewe kwa kanuni hii, ambayo pia inafaa kwa L1:

r = R × kipeuo cha tatu cha (m ÷ 3M)

R ni umbali wa sayari kutoka kwenye Jua, m ni tungamo la sayari, na M ni tungamo la Jua. Jua ni zito kuliko Dunia mara 333,000. Mara tatu yake ni takriban milioni moja, na kipeuo cha tatu cha milioni moja ni 100. Kwa hiyo r ni R ÷ 100. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Gawanya kwa 100, unapata milioni 1.5. Ni nadra maumbile kumrahisishia mtahiniwa kazi namna hii, basi ikumbuke.

Lakini kwa nini kupeleka darubini mbali hivyo? Hubble iko kilomita mia tano na kidogo tu juu yetu, na imefanya kazi kubwa. Tofauti ni joto. Webb inapokea miale ya infraredi, ambayo ndiyo miale inayotolewa na kila kitu chenye joto. Darubini yenye joto ingejing'arishia yenyewe, kama mtu anayetafuta vimulimuli huku ameelekeza tochi machoni mwake. Hubble inazunguka Dunia kila dakika 95 hivi, ikiingia na kutoka kwenye jua kali, na Dunia yenye joto ikijaza karibu theluthi moja ya anga yake.

Ukiwa L2, Jua, Dunia na Mwezi vyote viko upande mmoja wakati wote. Kinga moja tu inatosha kuviziba vyote. Kinga ya Webb ina matabaka matano membamba na ukubwa wa uwanja wa tenisi. Upande unaotazama Jua joto lake hufika nyuzi 85 za Selsiasi. Upande wa kioo huwa kama nyuzi 233 chini ya sifuri. Faida nyingine ni kwamba umbali kutoka duniani haubadiliki sana, hivyo mawasiliano ya redio ni rahisi.

Kuna usemi wa "kuegesha", lakini usidhani chombo kinakaa kimya kwenye nukta yenyewe. Ukikaa L2 kamili na kutazama Jua, Dunia itaziba karibu asilimia 85 ya sura yake, na paneli za umeme zitakosa mwanga. Webb kwa hiyo inazunguka nukta hiyo tupu katika njia pana, mzunguko mmoja kwa miezi sita hivi, ikikaa nje ya kivuli cha Dunia na cha Mwezi daima.

Tatizo kubwa zaidi ni msawazo. Umesoma msawazo imara na msawazo usio imara: gololi ndani ya bakuli hurudi katikati ukiisukuma, lakini gololi juu ya bakuli lililofunikwa huteleza na kwenda zake. L1 na L2 ni bakuli lililofunikwa. Kosa dogo la mahali hukua takriban mara tatu katika kila siku 23. Chombo kikikosea kwa kilomita 10 leo, baada ya siku 70 kitakuwa kimepotoka kwa kilomita 200 hivi, na kitaendelea kuharakisha. Ndiyo maana wahandisi hukipima na kukirekebisha kila baada ya wiki tatu hivi, kwa kukisukuma kidogo sana.

Kwa Webb kuna ugumu wa ziada ambao mimi huona ndio sehemu tamu kuliko zote. Injini zake zote za kusukuma ziko upande wa joto, unaotazama Jua. Zinaweza kukisukuma chombo kwenda mbali na Jua, kamwe si kukirudisha. Kukigeuza chombo chote ili kisukumwe kinyume kungeweka kioo kwenye jua na kukiharibu. Suluhisho ni kukiweka daima upande wa Jua wa kilele, kidogo tu chini yake. Kinaanza kuteleza kuelekea Jua, kinasukumwa juu tena, lakini hakiruhusiwi kuvuka kilele, maana kikivuka hakuna njia ya kukirudisha. Hata roketi ya Ariane 5 ilipokirusha kutoka Kourou ilipangiwa kukipa mwendo pungufu kidogo, kisha chombo kikajiongezea chenyewe mpaka kilipofika tarehe 24 Januari 2022. Urushaji ulikuwa sahihi mno hivi kwamba mafuta yaliyobaki yanaweza kutosha kwa zaidi ya miaka 20. Yakiisha, darubini itateleza na kulizunguka Jua kivyake.

Jaribu hili kabla ya kufunua ukurasa. Jua ni zito kuliko Mirihi mara milioni 3.1, na Mirihi iko kilomita milioni 228 kutoka kwenye Jua. L2 ya Mirihi iko umbali gani kutoka kwenye Mirihi? Mara tatu ya milioni 3.1 ni milioni 9.3, na kipeuo chake cha tatu ni karibu 210. Ukigawanya 228 kwa 210 unapata kilomita milioni 1.09. Mirihi iko mbali zaidi na Jua kuliko Dunia, lakini L2 yake iko karibu nayo zaidi. Ukiombwa sababu, andika kwamba tungamo lake dogo lina uwezo mdogo wa kuziba pengo.