Nyuzi za Kitanzi Zisipopatikana

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, tangu Mkinga hadi Pangani, kitanzi cha kuzuia mimba hujulikana pia kwa jina la lupu. Jina hilo ni la tangu miaka ya 1960, wakati Daktari Jack Lippes wa mjini Buffalo, Marekani, alipotengeneza kifaa cha plastiki kilichopindwapindwa kama tanzi la kamba. Kitanzi kinachotumika zaidi siku hizi hakina tena umbo hilo. Ni kijiti cha plastiki chenye umbo la herufi T, urefu wake milimita 36, nacho kimezungushiwa shaba. Aina iitwayo Kopa T 380A imepata jina lake kutokana na eneo la shaba hiyo, ambalo ni milimita za mraba 380. Shaba hutoa chembe ndogo sana ndani ya mji wa mimba, nazo huzidhoofisha mbegu za kiume zisiweze kulifikia yai. Kazi hiyo yaweza kuendelea kwa miaka 10 au zaidi.

Mwishoni mwa kijiti hicho zimefungwa nyuzi mbili nyembamba, ambazo hupita katika mlango wa mji wa mimba na kuning'inia ukeni. Kwa nyuzi hizo mhudumu hukitoa kitanzi wakati wake ukifika. Na kwa nyuzi hizo mwanamke anaweza kujua, bila chombo chochote, kwamba kitanzi kingali mahali pake. Siku anapopeleka kidole asizipate, huwa amekutana na swali lenye majibu manne. Huenda nyuzi zimepanda juu na kitanzi ni salama. Huenda kitanzi kimetoka bila yeye kujua. Huenda ana mimba. Au huenda kitanzi kimeupenya ukuta wa mji wa mimba na kuingia tumboni. Usalama wake hutegemea majibu hayo yatafutwe kwa utaratibu gani.

Mazungumzo kabla ya kuwekewa

Utaratibu huo huanza kabla kitanzi hakijawekwa. Mhudumu hana budi kuhakikisha kwamba mwanamke hana mimba, hana damu inayomtoka bila sababu kujulikana, wala hana usaha katika mlango wa mji wa mimba, kwa maana maambukizo ya kisonono au klamidia hutibiwa kwanza. Yapasa pia aelezwe kwamba kitanzi hakimkingi na Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa.

Jambo linalowafanya wanawake wengi wakiache kitanzi ni damu. Katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hedhi aghalabu huwa nzito na ndefu zaidi, na matone huweza kuonekana katikati ya mwezi. Katika miji na vijiji vya pwani, ambako damu ya mwanamke inahusiana na sala na saumu yake, habari hiyo haifai kuachwa imfikie kwa kushtukiza. Mwanamke aliyeambiwa mapema huweza kumwuliza mwalimu wake wa dini na kujipangia, pengine kuchagua kuwekewa kitanzi miezi kadhaa kabla ya Ramadhani. Asiyeambiwa hudhani kwamba ameumizwa.

Wapo pia wanaohofu kwamba kitanzi hupanda hadi moyoni. Hofu hiyo haifai kuchekwa, bali ielezwe ukweli wake: mji wa mimba ni mfuko uliozibwa juu, isipokuwa kwa mirija miwili myembamba sana ya uzazi, na hakuna njia ya kutoka humo kwenda moyoni. Lakini si kweli pia kusema kwamba kitanzi hakiwezi kamwe kutoka nje ya mfuko huo. Mara chache sana hutoka, kwa njia itakayoelezwa hapa chini.

Jinsi kitanzi kinavyowekwa

Mhudumu huanza kwa kupima kwa vidole, mkono mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, ili ajue mji wa mimba umeelekea wapi. Kwa wanawake wengi umeinamia mbele. Kwa wengine umelala nyuma. Kisha hufungua uke kwa chombo cha kupanulia, husafisha mlango wa mji wa mimba, na kuushika kwa koleo ili auvute polepole na kuinyoosha njia. Baadaye huingiza kijiti cha kupimia kina, ambacho kwa kawaida huonyesha sentimita 6 hadi 9. Kitanzi huingizwa ndani ya mrija mwembamba mpaka kina hichohicho. Mrija huvutwa nyuma, na mikono ya T hufunguka juu kabisa ya mfuko. Nyuzi hukatwa zibaki kama sentimita 3.

Ukuta hutoboka hasa pale ambapo mwelekeo wa mji wa mimba haukutambuliwa, au pale ambapo chombo kimesukumwa kwa nguvu. Mji wa mimba wa mama anayenyonyesha huwa mlaini na ukuta wake mwembamba, hivyo hatari kwake ni kubwa zaidi. Hata hivyo jambo hili ni nadra: hutokea kwa mwanamke 1 au 2 hivi kati ya 1,000. Dalili yake wakati wa kazi ni kwamba kijiti, baada ya kukutana na ukinzani, huteleza ghafla na kwenda mbali kuliko ilivyotazamiwa. Hapo kazi husimamishwa mara moja, kilichokwisha kuingizwa hutolewa, na mama hulazwa chini ya uangalizi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu yakipimwa mara kwa mara. Lakini mara nyingine hakuna dalili iliyoonekana siku hiyo, na habari ya kwanza huwa ni kukosekana kwa nyuzi.

Kutoka kwa kitanzi ni jambo la kawaida kuliko hilo. Katika mwaka wa kwanza hutokea kwa wanawake 2 hadi 10 kati ya 100, zaidi katika miezi 3 ya mwanzo na wakati wa hedhi. Aliyewekewa mara tu baada ya kujifungua huwa na uwezekano mkubwa zaidi. Kikianza kutoka, nyuzi huonekana zimerefuka, au kidole hugusa kitu kigumu cha plastiki. Hapo kitanzi hakimlindi tena, wala asijaribu kukirudisha mwenyewe. Kikitoka chote pamoja na damu, huweza kwenda na maji ya kuogea asikione.

Mfano wa mama wa Pangani

Na uchukuliwe mfano wa mama wa wilaya ya Pangani, mwenye watoto wanne, aliyewekewa kitanzi miezi 3 baada ya kujifungua, naye akinyonyesha. Siku ya kuwekewa aliumwa sana tumboni, kisha maumivu yakapoa. Majuma 6 baadaye anarudi zahanati.

"Bibi muuguzi, uzi siupati tena," asema. "Bila shaka kimekwisha kutoka."

"Huenda, mama. Lakini tusiseme kimetoka kabla hatujajua. Siku zako zimerudi?"

"Bado. Nanyonyesha."

Kwa kuwa siku zake hazijarudi, kukosa hedhi hakuwezi kumwambia lolote. Hatua ya kwanza ni kipimo cha mimba, nayo haiwezi kubadilishana nafasi na hatua nyingine yoyote: ikiwa mimba ipo, kuingiza chombo katika mji wa mimba kutafuta nyuzi kwaweza kuiharibu. Aidha, mimba inayopatikana wakati kitanzi kipo huweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba. Hivyo maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kipimo cha mama huyu chaonyesha kwamba hana mimba. Kwa kuwa mimba changa sana huweza kutoonekana, anaambiwa kipimo kirudiwe baada ya wiki 3 au 4, na tangu siku hiyo anapewa kondomu. Mpaka kitanzi kionekane, huhesabiwa kuwa hana kinga.

Hatua ya pili ni kutazama. Muuguzi afungua uke na kuukagua mlango wa mji wa mimba, nyuzi hazionekani. Aingiza kibrashi chembamba katika njia ya mlango huo na kukizungusha polepole, kwa kuwa mara nyingi nyuzi huwa zimejikunja humo na hushuka kwa njia hiyo. Hakuna kilichoshuka. Asiendelee kupekua juu zaidi kwa kubahatisha, bali amwandikie barua ya kwenda Tanga, katika hospitali ya mkoa ya Bombo.

Hatua ya tatu ni kipimo cha mawimbi ya sauti. Kama kitanzi kingeonekana ndani ya mfuko, kimekaa sawasawa, mama angerudi nyumbani na kuendelea nacho; kukosa nyuzi peke yake si sababu ya kukitoa. Lakini mji wa mimba unaonekana mtupu.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mji wa mimba ukiwa mtupu, ni rahisi kuamua kwamba kitanzi kimetoka, na kumwekea mama kingine. Lakini mfuko mtupu huthibitisha tu kwamba kitanzi hakimo ndani yake. Hausemi kimekwenda wapi. Kwa hiyo ipo hatua ya nne: picha ya eksirei ya tumbo zima, toka kiwambo cha chini ya mapafu hadi nyonga. Plastiki ya kitanzi imechanganywa na chumvi ya bariamu kwa makusudi hayo, ili kionekane cheupe katika picha popote kilipo. Picha ikiwa haina kitu, ndipo inaposemwa kwa hakika kwamba kimetoka. Katika picha ya mama huyu, T yaonekana upande wa kushoto wa nyonga, imelala kiubavu.

Shaba iliyo nje ya mji wa mimba huamsha uvimbe, na nyama zilizo karibu huweza kushikamana nayo, hata utumbo. Kwa sababu hiyo hushauriwa kitolewe, kwa kamera ndogo inayopitishwa katika tundu karibu na kitovu, au kwa kupasua tumbo pale ambapo chombo hicho hakipo au nyama zimeshikamana mno. Kazi hiyo ni ya daktari mpasuaji mwenye uzoefu. Ukuta uliotobolewa aghalabu hupona wenyewe, na mama huweza kuzaa tena akitaka.

Kama mama huyu angaliridhika na neno lake mwenyewe, kwamba bila shaka kimetoka, angalikaa na shaba tumboni bila kujua. Na kama angaliamini kwamba kingalimo, pengine angalishika mimba ya tano. Alichotangulia kufundishwa siku ya kuwekewa kilikuwa kidogo: kunawa mikono, kuchutama, na kutafuta nyuzi kwa kidole, hasa kila baada ya hedhi katika miezi ya mwanzo. Na akizikosa, asingoje hedhi nyingine.