Tangazo la nguo za harusi liandikwe lini, na liseme nini?

Vikundi vingi vyenye cherehani siku hizi hupiga picha ya gauni, huiweka kwenye simu au kuibandika ukutani pale sokoni, kisha chini yake huandika: "Tunashona nguo za aina zote. Karibuni nyote." Hakuna uwongo hapo. Lakini tumeona maneno hayo yakileta shida kubwa mwezi wa Desemba, na tungependa kueleza ni kwa nini.

Chukueni kikundi kimoja cha akina mama tunachokijua. Wako wanne, na cherehani zao ni tatu, za kukanyaga kwa miguu. Mwaka mmoja walitoa tangazo la namna hiyo katikati ya Novemba, wakati walipoanza kusikia ndoa zikitangazwa kanisani. Wateja walikuja, tena wengi. Walipokea harusi sita kwa furaha. Wiki ya mwisho hawakulala. Gauni moja la mpambe halikuwa limejaribiwa hata mara moja, na asubuhi ya harusi zipu ilipasuka mgongoni. Binti wa watu alivaa lesso mabegani siku nzima, na mama yake alidai pesa zake zote.

Kosa la kwanza lilikuwa la wakati. Ndoa ikianza kutangazwa kanisani kwa zile Jumapili tatu, harusi iko karibu mno. Tena kamati ya harusi imeshakaa, imegawa pesa, na mara nyingi imekwisha kuagiza nguo mjini. Anayetaka kazi ya Desemba inafaa tangazo lake lionekane mwanzoni mwa Septemba, kamati zikiwa bado zinapanga. Kwa harusi za Agosti, shule zikifungwa, hesabu ni ile ile: miezi mitatu nyuma.

Kosa la pili ni kwamba hawakujua wanaweza kushona nguo ngapi. Jambo hili ndilo la kufanya kabla ya kuandika neno hata moja, kwa hivyo tulikaa nao tukahesabu.

Cherehani tatu, siku tano za kazi kwa wiki (siku ya soko haihesabiwi, hata Jumapili), zinatoa siku 15 za cherehani. Tukatenga tatu kwa marekebisho, mazishi na wateja wa kawaida. Zikabaki 12. Tangu mwanzo wa Oktoba hadi mwisho wa Novemba ni kama wiki nane, kwa hivyo wana siku 96 za cherehani. Yule mama wa nne hashoni kwa mashine. Yeye hukata, hupiga pindo na kushika vifungo kwa mkono.

Halafu tukauliza: harusi moja inakula siku ngapi? Gauni la bibi harusi lenye bitana linachukua siku nne kwao. Wapambe wanne, siku mbili kila mmoja, ni nane. Mama wawili, siku mbili mbili, ni nne. Watoto watatu wa maua, siku moja moja, ni tatu. Mashati manne ya kitenge ya wanaume, nusu siku kila moja, ni mbili. Jumla siku 21. Harusi nne ni siku 84, na zile 12 zinazobaki ni za mgeni anayetaka gauni lake moja tu. Harusi ya tano haiingii. Mwaka ule walikuwa wamepokea sita, tena wakiwa na wiki chache tu mkononi! Nyinyi fanyeni hesabu kwa mwendo wa mikono yenu, si kwa huu wao. Andikeni wiki moja kila nguo imechukua muda gani, mtashangaa.

Sasa kuhusu kupima. Nguo ya kipimo huharibika zaidi kwenye futi kuliko kwenye cherehani. Wapambe wengi wako Nairobi au Nakuru, nao hutuma namba kwa simu: kifua 36, kiuno 30. Nani alipima? Juu ya sweta? Kwa inchi au kwa sentimita? Njia rahisi ni kuwaita siku ambayo wako nyumbani hata hivyo, na hapa Kenya Siku ya Mashujaa, Oktoba 20, inafaa sana kwa harusi za Desemba. Waje na viatu watakavyovaa, kwani urefu wa gauni hupimwa mtu akiwa navyo, na wavae sidiria ya siku hiyo. Watoto wapimwe mwisho kabisa na waachiwe pindo refu, maana wanakua. Ubavuni acheni inchi moja ya kitambaa ndani ya mshono. Wiki mbili kabla ya harusi mtu atajaribu, na ikiwa amenenepa mtafungua, ikiwa amekonda mtabana. Bila inchi ile hakuna la kufua dafu. Kitenge cha pamba nacho kilowekwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa, na cha wapambe wote kinunuliwe siku moja duka moja, kwa sababu rangi ya robota hili na lile haifanani.

Pesa je? Nusu ilipwe siku ya kupimwa. Hiyo hununua bitana, zipu na uzi, na tena gauni la mpambe asiyerudi halimfai mteja mwingine. Bei iandikwe ya nguo moja inayojulikana. Mkiandika "kuanzia shilingi 800", kila mtu atashika hiyo 800 hata kama anataka gauni lenye bitana. Picha nayo iwe ya nguo mliyoishona wenyewe, kwa ruhusa ya aliyeivaa.

Baada ya hayo yote, maneno ya chini ya picha yalitoka hivi:

"Nguo za harusi za Desemba, kwa kipimo chako. Gauni hili tumelishona sisi. Tunapokea harusi nne tu. Kupimwa ni Jumanne na Alhamisi mchana, Oktoba 1 hadi 20. Mlio mbali, njoni Siku ya Mashujaa na viatu vyenu. Gauni la mpambe lenye bitana: shilingi 2,500, kitambaa chako. Nusu hulipwa siku ya kupimwa. Kujaribu ni wiki mbili kabla ya harusi. Tuko nyuma ya soko, karibu na kinu cha mahindi."

Mwanachama mmoja aliogopa ile "nne tu", akisema itafukuza watu. Kumbe ndiyo iliyowafanya wanakamati waje mapema wakiwa na pesa mkononi. Harusi ya nne ilipolipa, waliandika juu ya tangazo lile lile kwa kalamu nyekundu: "Harusi zimejaa. Gauni moja moja bado tunapokea." Ya tano ilipokuja wiki ya pili ya Novemba, walimwonyesha mama wa bibi harusi daftari lenye siku za cherehani. Aliangalia, akanung'unika kidogo, kisha akaacha mashati manne ya kitenge. Hayo yalikuwa siku mbili tu, na nafasi ilikuwapo.