Zamu ya usiku na tarehe ya kujifungua

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tuchukue mfano wa mhudumu wa mapokezi hotelini anayetarajia kujifungua tarehe 20 Septemba.

Kufikia 20 Juni, anatakiwa awe amempa mwajiri taarifa pamoja na cheti cha daktari. Kuanzia 20 Julai, miezi miwili kabla ya kujifungua, hapaswi kupangiwa usiku, hata akikubali mwenyewe. Daktari akithibitisha mapema zaidi kwamba usiku unamdhuru, mwajiri humhamishia zamu ya mchana, isipokuwa kama haiwezekani kiutendaji. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachozua mivutano mingi, kwa hiyo ombi la maandishi, lenye nakala, ni la lazima kwa mwenye busara.

Akianza likizo 23 Agosti, siku zake 84 zenye malipo zinaisha 14 Novemba. Akijifungua mapacha, ni siku 100.

Anarudi kwa masharti yaleyale ya ajira. Lakini hapa wengi huteleza: akiwa amejifungua 20 Septemba, marufuku ya usiku inaendelea hadi 20 Novemba, yaani siku kadhaa baada ya kurejea. Pia ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

Akikuta ameachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, huko ni kuachishwa isivyo halali. Ana siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.