Mali kauli kwa duka lisilojulikana

Katika maduka ya jumla ya Kariakoo mzigo mwingi hutoka kabla fedha yake haijaingia. Mwenye duka wa Mbagala au Morogoro anachagua bidhaa, anaandikwa daftarini, anapakia na kuondoka. Hiyo ndiyo mali kauli, na maduka mengi ya rejareja yasingekuwa na rafu zilizojaa bila yake. Tatizo ni la yule aliyefungua duka mwezi uliopita. Hana jina katika daftari la mtu yeyote, na kila anapogusia kukopa anaambiwa aanze kwanza kununua taslimu.

Kabla ya kumwona muuzaji wa jumla kuwa na roho mbaya, tupige hesabu yake. Tuseme katika kila shilingi 100 anazouza, faida yake ni 5. Akikupa mzigo wa milioni moja ukatokomea nao, itambidi auze mzigo wa milioni 20 kwa wateja wengine ndipo arudi alipokuwa. Anayepata 25 katika kila 100 atalifidia pengo hilo hilo kwa mauzo ya milioni 4. Kwa hiyo jibu la kwanza linategemea sana bidhaa uliyoiomba, hata kabla ya sura yako. Saruji na nondo hutoka haraka na faida yake ni nyembamba, tena wanunuzi wa taslimu wapo kila asubuhi. Mgeni akiomba akopeshwe saruji anajitafutia kukataliwa. Rangi, koki, vitasa na viungio vya bomba vina faida nono zaidi, hukaa zaidi ghalani, na wauzaji wake hugombea nafasi kwenye rafu za maduka mapya. Mwenye duka jipya la vifaa vya ujenzi atenge mtaji wake mdogo kwa ajili ya saruji, kisha maneno ya mkopo ayapeleke kwenye rangi.

Swali la pili ni la siku: uombe muda gani? Wengi hutaja mwezi mmoja kwa sababu ndio uliozoeleka masikioni. Muda mzuri hutokana na mwendo wa mauzo yako mwenyewe. Tuchukue duka la rangi na vifaa vya bomba huko Chanika, lenye umri wa miezi miwili, linalofunguliwa kila siku. Mwenyewe anataka mzigo wa shilingi 2,400,000. Daftari lake la mauzo linaonyesha kwamba kila siku hutoka bidhaa alizozinunua kwa shilingi 80,000. Faida tumeiweka pembeni, maana hiyo inalipa pango, umeme na chakula. Kwa mwendo huo mzigo utaisha baada ya siku 30. Akikubali kulipa wote baada ya wiki mbili, atakuwa amerudisha shilingi 1,120,000 tu, na zaidi ya nusu ya deni hana pa kulitoa.

Basi atangulize nusu taslimu. Zinabaki 1,200,000, ambazo kwa shilingi 80,000 kwa siku zinapatikana baada ya siku 15. Hapo hesabu inaonekana kukaa sawa, lakini mafundi wamesahaulika. Fundi rangi huchukua ndoo leo akaahidi kulipa mwenye nyumba akimlipa, na katika duka hili robo ya mauzo ni ya namna hiyo. Kinachoingia mkononi mara moja ni 60,000 kwa siku, sawa na 420,000 kwa wiki. Akilipa 400,000 kila Jumamosi, Jumamosi ya tatu deni limekwisha, na madeni ya mafundi yakija yatakuwa akiba.

Sasa ana la kusema kaunta. “Bosi, mzigo ni wa milioni mbili na laki nne. Nusu naiweka hapa sasa hivi. Iliyobaki nakuletea laki nne kila Jumamosi, Jumamosi tatu. Sichukui mzigo mwingine mpaka huu uishe.” Muuzaji mzoefu atauliza, “Na mafundi wakikukopa?” Amfungulie daftari la miezi miwili na taarifa ya miamala ya simu, aone robo hiyo ilivyokwisha kuhesabiwa. Leseni, namba ya mlipakodi na mkataba wa pango vinaonyesha mahali pa kukupata. Daftari linaonyesha fedha zitakakotoka, na mwenye mali hilo ndilo analolitaka zaidi.

Bei nayo huja na mtego wake. Mali kauli mara nyingi ina bei ya juu kuliko taslimu. Tuseme ongezeko ni shilingi 4 kwa kila 100. Likipigwa kwenye mzigo wote, ni 96,000. Ikiwa duka letu linapata faida ya 480,000 kwa mzigo huo, sehemu ya tano imekwenda. Lakini nusu ya mzigo imelipwa papo hapo, kwa nini ipandishwe bei? Aombe ongezeko liguse nusu ya mkopo peke yake, yaani 48,000. Ni ombi la haki, na wageni wengi hawalitoi kwa kuogopa kuonekana wabishi. Kwa wafanyabiashara Waislamu kuna mpaka mwingine wa kujua: wanazuoni walio wengi wanaruhusu bei ya kukopa kuwa juu ya taslimu, mradi bei moja ikubaliwe mwanzoni, kuongeza kitu baadaye kwa sababu umechelewa huhesabiwa riba. Usitegemee, basi, kwamba kuchelewa kutamalizwa kwa faini. Kwa wengi wao kutamalizwa kwa kutopewa tena.

Ukiona muuzaji asiyekujua anakusukumia mzigo mkubwa kwa muda mrefu, kagua mzigo wenyewe. Huenda umelala. Tazama tarehe ya mwisho kwenye makopo ya rangi na gundi ya bomba, tikisa kopo usikie kama limeganda, na uliza maduka mawili ya jirani bei ya taslimu ya bidhaa hiyo. Rangi isiyotakiwa na mtu hata ukipewa miezi mitatu ni deni lisilo na mauzo ya kulilipa.

Mkikubaliana, maandishi yasiwe marefu: idadi, bei, tarehe tatu za malipo, na namba ya simu ya biashara itakayopokea fedha. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Kijana wa mauzo anayepita kukusanya madeni anaweza kuacha kazi mwezi ujao, na fedha uliyompa mkononi bila risiti haitaonekana kwenye daftari la tajiri wake. Mzigo nao uhesabiwe mbele ya dereva kabla hajaondoka. Kopo mbili zilizopungua, zikitajwa siku ya kulipa, zitasikika kama kisingizio hata kama ni kweli. Na Jumamosi ikikukuta na laki mbili na nusu, piga simu Ijumaa, zipeleke hizo hizo, taja siku ya kumalizia. Maduka ya jumla yamepangana mtaa mmoja na wenyewe wanajuana. Deni lililonyamaza husimuliwa.

Baada ya mizigo mitatu iliyolipwa kwa tarehe, rudi na ombi moja: ama mzigo mkubwa zaidi, ama muda mrefu zaidi. Yakiombwa yote mawili pamoja, muuzaji ataanza kujiuliza kuna nini dukani kwako.

Na akikataa kukopesha katakata, ombi lingine halimgharimu sana: ununue taslimu, lakini rangi zisizotoka ndani ya siku 60, kopo zikiwa hazijafunguliwa, abadilishe na zinazotoka. Kwa duka ambalo bado halijajua wateja wake wanapenda rangi gani, ruhusa hiyo inaweza kuokoa fedha nyingi kuliko wiki tatu za mkopo.