Tarehe ya Kwanza Haimo Kwenye Barua

Mama mmoja anayepika katika nyumba moja ya Spring Valley, upande wa Barabara ya Lower Kabete, alinijia jioni ya tarehe 5 Juni akiwa na simu ya binti yake mkononi. "Mwalimu, tusomee hii," alisema. "Huyu ananiambia ni habari njema, na mimi nimefurahi. Lakini ameandika tarehe moja tu ukutani, na barua ni ndefu hivi."

Barua pepe ilitoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Binti alikuwa amepata nafasi ya shahada ya uzamili, na chuo kilikuwa kimempunguzia nusu ya karo. Aya ya kwanza ilikuwa ya pongezi. Ya mwisho ilikuwa na herufi nzito: kubali ofa hii kufikia tarehe 30 Juni, saa 12:00 BST. Hiyo ndiyo tarehe iliyokuwa ukutani. Katikati kulikuwa na aya nne alizozipitia haraka, kwa sababu moyo ulikuwa umeshajaa.

Nilianza na saa, kwa kuwa hapo tayari palikuwa na kosa. Binti alidhani 12:00 ni usiku wa manane, siku inapokwisha. Kwa Waingereza 12:00 ni adhuhuri, na BST ni saa zao za kiangazi, nasi wa Nairobi tuko mbele yao kwa saa mbili. Kwa hiyo mlango ungefungwa saa nane mchana kwetu. Angekaa kubonyeza baada ya chakula cha jioni, angekuta umefungwa.

Kisha tukaingia aya za katikati. Barua kama hizi nazisoma nikiwa na kalamu, na sitafuti tarehe. Natafuta kila mahali panaposema jambo fulani litafanyika baada ya jingine, au kwa sharti la jingine, kwa kuwa wajibu wa mwombaji hukaa hapo. Katika barua ya binti huyu sentensi nne zilikuwa za namna hiyo. Nawawekea kwa Kiswahili. Punguzo la karo linategemea kutimizwa kwa masharti ya ofa ya kozi. CAS itatolewa baada ya masharti kutimizwa na amana kupokelewa. Mwanafunzi anawajibika kuhakikisha amepata viza kwa wakati. Punguzo haliwezi kuahirishwa hadi mwaka mwingine.

CAS ni uthibitisho ambao chuo huwapelekea watu wa uhamiaji wa Uingereza kwamba kimekukubali. Wewe hupewa namba yake, na bila namba hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi. Hutumika mara moja tu, na lazima itumike ndani ya miezi sita tangu itolewe. Lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile ya tatu. Inasema "kwa wakati" na kuishia hapo. Haitaji siku wala hatua, na hatua zote zimo ndani yake.

Nikamwomba binti kalenda ya ukutani, tukahesabu kinyumenyume. Masomo yalianza tarehe 21 Septemba. Maombi ya viza ya mwanafunzi yanayofanywa nje ya Uingereza kwa kawaida hujibiwa ndani ya wiki tatu. Ukiongeza siku za kukata tiketi na kufunga sanduku, inafaa awe ameomba kufikia tarehe 20 Agosti. Kuanzia hapo kila kitu kinarudi nyuma.

Kenya imo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu kabla ya kuomba viza. Kipimo cha hospitali yoyote hakikubaliki. Kinakubalika cha kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza, na hapa Nairobi kazi hiyo hufanywa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Wengi hupigwa eksirei ya kifua na kupata cheti bila shida, na cheti hudumu miezi sita. Lakini picha isipokuwa safi, hata kwa kovu la ugonjwa wa zamani, utaombwa makohozi, na majibu ya makohozi yanaweza kuchukua hadi wiki nane. Hesabu wiki nane nyuma kutoka tarehe 20 Agosti na utafika tarehe 25 Juni.

Hiyo ni siku tano kabla ya tarehe pekee iliyoandikwa kwenye barua. Yaani tarehe ya kwanza ya binti huyu haikuwemo kwenye barua hata kidogo. Na neno la kifua kikuu halikuwemo pia. Lilikuwa kwenye ukurasa wa serikali ambao barua iliuelekezea kwa kiungo kimoja kidogo cha buluu. Kiungo cha namna hiyo nakihesabu kuwa sehemu ya barua, kwa sababu afisa wa viza atakihesabu hivyo. Na kwa kuwa ada na masharti hubadilika, nasoma ukurasa wenyewe wa gov.uk siku hiyohiyo, si picha aliyoipiga jirani mwaka jana.

Pesa zilituchukua jioni yote iliyobaki. Nusu ya karo iliyosalia, pamoja na gharama za kuishi, lazima zionekane benki. Familia ilikuwa imepanga harambee Jumamosi ya tarehe 8 Agosti, mjomba awe mwenyekiti na michango iingie kwenye akaunti yake, maana yeye ndiye anayeaminiwa na ukoo. Kwa desturi zetu ni mpango mzuri. Kwa viza, una matatizo mawili.

La kwanza ni siku. Kiasi kamili kinachotakiwa lazima kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe zaidi ya siku 31 kabla ya kulipia maombi. Kikishuka kwa shilingi chache kwa siku moja, unaanza kuhesabu upya. Michango ya tarehe 8 Agosti ingefika benki Jumatatu ya tarehe 10, siku 28 zingetimia tarehe 6 Septemba, maombi yangeenda tarehe 7, na jibu la wiki tatu lingekuja tarehe 28 Septemba. Wenzake wangekuwa darasani kwa wiki nzima. Na hapa ndipo sentensi ya nne ilipoonyesha meno yake: kwa kuwa punguzo haliahirishwi, kuchelewa viza kungemnyima nusu ya karo hata kama nafasi yenyewe ya kusoma ingesogezwa hadi mwaka unaofuata.

La pili ni jina. Akaunti zinazokubalika ni ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au mlezi wa kisheria, au ya mwenzi wake. Mjomba hamo, wala shangazi, wala kaka mkubwa aliyelipia shule tangu darasa la kwanza. Sheria hiyo haitambui ukoo tunavyoutambua sisi, na nimeona watu wazima wakilia kwa ajili yake. Akaunti ikiwa ya mzazi, inahitaji cheti cha kuzaliwa kinachomtaja mzazi huyo na barua yake ya kukubali pesa zitumike.

Mama alinyamaza kidogo. "Basi nimpigie kaka yangu leo," akasema, na akampigia palepale. Harambee ikasogezwa hadi Jumamosi ya tarehe 18 Julai, na michango yote ikaingia kwenye akaunti ya mama kufikia tarehe 20. Nilimwomba jambo moja tu: asiichanganye na akaunti anayolipwa mshahara, ambayo hutoa kodi ya nyumba na mkopo wa sako kila mwezi. Pia waliongeza akiba kidogo juu ya kiasi kilichotakiwa. Hesabu hufanywa kwa pauni kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya maombi, na shilingi ikiteleza, kiasi kilichotosha mwezi uliopita kinaweza kupungua bila mtu kugusa chochote.

Kabla hatujaagana mama aliuliza swali ambalo vijana husahau kuliuliza. "Na akimaliza je, wana deni naye?" Kwa punguzo la chuo kama hili, hapana. Ufadhili kamili wa serikali ni jambo jingine. Anayepewa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hukubali kurudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya ufadhili kwisha, na sharti hilo limo ndani ya karatasi anayotia sahihi akiwa na furaha. Lina ndugu yake kwenye kanuni za uhamiaji: mtu ambaye karo na maisha yake vyote vililipwa na serikali au shirika la kimataifa la ufadhili katika miezi 12 iliyopita, akitaka kuomba viza nyingine ya masomo, au ile ya kubaki baada ya kuhitimu, huhitaji idhini ya maandishi kutoka kwa mfadhili. Kwa Marekani wajibu kama huo hushikamana na viza yenyewe ya J-1. Aliyelipiwa na serikali anatakiwa kukaa kwao jumla ya miaka miwili kabla ya kupata viza za kazi za H na L au ukaazi wa kudumu, na miaka anayokaa Kanada au Dubai haihesabiwi. Tafuta 212(e) kwenye fomu ya DS-2019 kabla hujatia sahihi.

Binti alipigwa eksirei katikati ya Juni, picha ikawa safi. CAS ilifika tarehe 3 Agosti. Alinitumia nakala, na nikamwambia asikimbilie namba; asome kwanza visanduku vya pesa. Karo kamili ilikuwepo na amana aliyolipa ilikuwepo. Kisanduku cha ufadhili kilikuwa tupu. Afisa wa viza husoma kilichomo kwenye CAS, na kwa CAS ile angemtaka aonyeshe karo nzima benki, pesa ambazo harambee haikuzikusanya.

Aliwaandikia chuo mistari mitatu: namba yake ya mwanafunzi, barua ya punguzo ikiwa imeambatishwa, na ombi kwamba punguzo liandikwe kwenye CAS kabla ya tarehe 14 Agosti kwa kuwa ataomba viza tarehe 17. Walijibu baada ya siku mbili kwamba ofisi ya ufadhili na ofisi ya CAS hazikuwa zimewasiliana, wakaongeza. Tarehe 17 asubuhi mama alichukua taarifa ya benki iliyofika hadi tarehe 16, siku ya 28, na binti akalipia maombi mchana huo akiwa jikoni, mama akikatakata sukuma wiki kando yake.