Faili limepotea, umebaki na skrinishoti tu? Hivi ndivyo unavyorudisha fomula

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawaletea kosa langu mwenyewe. Lilinigharimu shilingi 109,000 kwenye mzigo mmoja, na lilitokana na fomula moja niliyoikisia.

Nilikuwa nachangia fremu na dada mmoja anayejua hesabu za Google Sheets. Faili la kupangia bei alilitengeneza yeye, mimi nikawa najaza tu namba. Simu yake ikaibiwa, akaunti ikagoma kufunguka, na kilichobaki ni picha moja aliyowahi kunitumia WhatsApp. Nilipomuuliza fomula zilikuwaje, akasema, "Mdogo wangu, niliziandika siku nyingi, sikumbuki hata moja." Na picha, kama unavyojua, inaonyesha majibu tu. Ukigusa namba haikuambii imetoka wapi.

Picha yenyewe ilikuwa hivi:

Mkoba: idadi 10, kununua 18,000, jumla 180,000, usafiri 14,400, gharama ya kimoja 19,440, kuuza 28,000, faida 85,600
Waleti: idadi 20, kununua 6,000, jumla 120,000, usafiri 9,600, gharama ya kimoja 6,480, kuuza 9,500, faida 60,400
Mkanda: idadi 30, kununua 4,000, jumla 120,000, usafiri 9,600, gharama ya kimoja 4,320, kuuza 6,500, faida 65,400
Raba: idadi 12, kununua 15,000, jumla 180,000, usafiri 14,400, gharama ya kimoja 16,200, kuuza 23,500, faida 87,600
Begi la mgongoni: idadi 10, kununua 20,000, jumla 200,000, usafiri 16,000, gharama ya kimoja 21,600, kuuza 31,000, faida 94,000

Chini yake kulikuwa na jumla ya manunuzi 800,000, halafu pembeni kisanduku kimeandikwa Usafiri 64,000. Asilimia ya faida haikuonekana popote.

Nilichofanya mimi ni hiki: nilikumbuka dada aliwahi kutaja "thelathini", basi nikachukua gharama nikazidisha kwa 1.3, nikapandisha mpaka 500 inayofuata. Mzigo uliofuata ulikuwa nakala ya ule wa kwenye picha, idadi ileile na usafiri uleule. Mkoba wa 28,000 nikautangaza 25,500. Begi la 31,000 likatoka kwa 28,500. Wateja walinunua haraka kweli, nikafurahi. Mzigo ulipoisha nilipata faida 284,000, wakati picha ilikuwa inasema 393,000. Jibu sahihi lilikuwa kwenye simu yangu muda wote, ila sikulilinganisha.

Kwa hiyo nikarudi kwenye picha na kuanza upya. Fuatana nami.

KWANZA, TENGANISHA NAMBA ZA KUANDIKWA NA NAMBA ZA KUPIGWA

Idadi na bei ya kununua ni namba ambazo mtu ameziandika kwa mkono. Hakuna hesabu inayoweza kukuambia ulinunua mikoba 10. Usafiri 64,000 nao umeandikwa, maana ndiyo hela uliyolipa. Namba zilizobaki zimepigwa. Hizo za kuandikwa zinakili kwenye faili jipya kama zilivyo, zilizobaki acha wazi kwanza.

Halafu anza na safu nyepesi. Jumla ni idadi mara bei: 10 mara 18,000 ni 180,000, na mistari yote mitano inakubali. Gharama ya kimoja ni jumla ukijumlisha usafiri, kisha ukagawa kwa idadi: 180,000 na 14,400 ni 194,400, gawa kwa 10 unapata 19,440. Nayo inakubali kote. Faida ni bei ya kuuza toa gharama ya kimoja, mara idadi. Hapo safu tatu zimeshapatikana, zimebaki mbili ngumu: usafiri na bei ya kuuza.

PILI, USAFIRI UMEGAWANYWAJE?

Wengi wetu tunagawa usafiri kwa idadi ya vitu. Angalia waleti na mkanda. Waleti ziko 20, mikanda iko 30, lakini zote zimebebeshwa 9,600. Kingekuwa kinagawanywa kwa idadi, mikanda ingebeba zaidi. Kitu ambacho bidhaa hizi mbili zinafanana ni jumla ya manunuzi, 120,000 kila moja. Kumbe usafiri umegawanywa kwa thamani ya mzigo: 120,000 gawa kwa 800,000, mara 64,000, unapata 9,600 kamili.

Ukiwa na picha yako, tafuta mistari miwili ya namna hii, inayofanana kwa kitu kimoja na kutofautiana kwa kingine. Mistari hiyo ndiyo inayosema ukweli haraka kuliko kubahatisha.

Ila hapa kuna mtego. 64,000 ni asilimia 8 ya 800,000. Kwa hiyo ukiandika "jumla mara 8%" unapata majibu yaleyale kwenye mistari yote mitano. Picha peke yake haiwezi kukutofautishia fomula hizi mbili. Nilichojiuliza ni: mzigo ujao nikilipa usafiri 90,000 itakuwaje? Ile ya 8% itaendelea kugawa 64,000, na shilingi 26,000 zitapotea bila kuingia kwenye bei. Ile inayosoma kisanduku cha usafiri itagawa 90,000 yote. Tena kile kisanduku cha 64,000 kipo pale pembeni, na kama hakisomwi na fomula yoyote hakuna sababu ya kukiweka. Nikachukua hiyo.

TATU, BEI YA KUUZA

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo tulia.

Bei zote zinaishia na 000 au 500. Gharama za 19,440 na 6,480 haziwezi kuleta bei nzuri namna hiyo zenyewe, lazima kuna kukadiria hadi 500. Swali ni mbili: kuna kuzidisha kwa ngapi, na je, inapandishwa juu kila mara au inakwenda kwa 500 iliyo karibu?

Nikajaribu 1.3. Mkoba ukatoa 25,272, ukipandishwa 25,500. Picha inasema 28,000. Imekufa hapohapo.

Nikajaribu 1.45, ikipelekwa kwa 500 iliyo karibu. Mkoba 28,188 ikawa 28,000. Waleti 9,396 ikawa 9,500. Mkanda 6,264 ikawa 6,500. Raba 23,490 ikawa 23,500. Mistari minne yote sawa! Nikajua nimemaliza. Begi likanikatalia: 21,600 mara 1.45 ni 31,320, iliyo karibu ni 31,500, na picha inasema 31,000. Mstari mmoja ukikataa, fomula si hiyo. Ningeishia mstari wa nne ningeandika fomula ya uongo kwa mara ya pili.

Basi nikajaribu ile ya kupandisha juu, lakini kwa kurudi nyuma. Kama mkoba umepandishwa ukawa 28,000, maana yake kabla ya hapo ulikuwa umezidi 27,500 lakini haujazidi 28,000. Gawa zote mbili kwa gharama, 19,440: kizidisho kiko kati ya 1.415 na 1.440. Raba kwa njia hiyohiyo inasema kati ya 1.420 na 1.451. Begi linasema kati ya 1.412 na 1.435. Waleti na mkanda zinaruhusu nafasi pana zaidi, hazibani. Panapokutana wote ni kati ya 1.42 na 1.435.

Sasa nani anapanga faida ya asilimia 42 au 43? Zinapita kwenye picha, sikatai, ila si namba ambayo mtu angechagua. Nikageuza: badala ya kuzidisha, nikagawa gharama kwa bei. 1 gawa kwa 1.42 ni 0.704, na 1 gawa kwa 1.435 ni 0.697. Katikati yake imekaa 0.70. Yaani gharama ni asilimia 70 ya bei ya kuuza, na faida ni asilimia 30 ya BEI YA KUUZA. Thelathini ya dada ilikuwepo kweli, ila mimi niliihesabu juu ya gharama. Mkoba: 19,440 gawa kwa 0.7 ni 27,771, ukipandishwa 28,000.

Fomula zote za mstari wa 2, ambapo B ni idadi, C bei ya kununua, D7 jumla kuu, B9 usafiri na B10 ni 30%:

```
D2: =B2*C2
E2: =D2/D$7*B$9
F2: =(D2+E2)/B2
G2: =CEILING(F2/(1-B$10),500)
H2: =(G2-F2)*B2
D7: =SUM(D2:D6)
```

Alama ya dola inashikilia namba ya mstari, ili ukivuta fomula kwenda chini iendelee kusoma B9 na isihamie B10.

NNE, PIMA KABLA HUJAIAMINI

Kwenye safu J andika bei za kwenye picha kama zilivyo. Kwenye K weka hii, uivute mpaka chini:

```
=G2-J2
```

Zote zitoke sifuri. Fanya hivyo kwa kila safu iliyopigwa. Ukiona tofauti ya shilingi 1, huenda picha ilificha desimali tu. Ukiona tofauti ya 500, fomula yako ina kasoro, rudi nyuma.

Mwisho badilisha B9 iwe 90,000. Safu ya usafiri ikijumlishwa lazima itoe 90,000, na mkoba unapaswa kupanda kutoka 28,000 kwenda 29,000. Bei zisiposogea, kuna mahali umeandika namba badala ya fomula.

Na faili likikamilika, usipige picha ya majibu peke yake. Kwenye Google Sheets ya kompyuta bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha `, kilicho juu ya Tab kwenye kibodi nyingi. Fomula zote zinajitokeza, hapo ndipo upige picha ya pili. Mimi yangu nimejitumia mwenyewe WhatsApp, na dada nimemtumia yake.